Kompyuta zilizoamka saa nane usiku: niliyojifunza kuhusu Wake on LAN

Aliyenifundisha Wake on LAN, ile njia ya kuamsha kompyuta kupitia mtandao, ni mlinzi wa usiku. Asubuhi moja nafika kazini, nikamwamkia, akaitikia kisha akanivuta pembeni. "Kijana, zile mashine zenu ghorofani zina majini. Kila usiku saa nane zinanguruma zote, taa zinawaka, halafu kimya." Nilicheka. Nilipopanda juu sikucheka tena, maana mzee yule hakuwa mtu wa kuzua mambo.

Ninyi mnaoanza kazi ya kutunza kompyuta za ofisi mtakutana na mpangilio huu wiki ya kwanza tu. Ofisi ile ilikuwa na kompyuta za mezani kama arobaini, zote Windows, na tulikuwa tumewasha Wake on LAN ili tuziamshe usiku zipokee masasisho wakati hakuna mtu anayezitumia. Lakini ratiba yetu ya kuziamsha ilikuwa Jumamosi tu. Nani basi alikuwa anaziamsha siku nyingine?

Amri ya kwanza ambayo kila mtu atakuambia ni hii:

```
powercfg /lastwake
```

Inaonyesha kilichoiamsha kompyuta mara ya mwisho. Tatizo ni kwamba inakuonyesha mara hiyo moja tu. Karani akifika saa mbili asubuhi na kugusa kibodi, jibu la usiku limeshafutika. Ndiyo maana siku hizi naenda moja kwa moja kwenye Event Viewer, kumbukumbu za System, natafuta chanzo kinachoitwa Power-Troubleshooter, Event ID 1. Pale kila kuamka kumeandikwa na saa yake na chanzo chake. Kwenye mashine ya masijala nilikuta mistari saba, usiku saba mfululizo, yote saa nane na dakika chache, na kwenye Wake Source pameandikwa jina la kadi ya mtandao. Majini yalikuwa yanapitia kwenye waya.

Hapa inabidi ujue kadi ya mtandao inafanya nini mashine ikiwa imelala. Prosesa imepumzika, skrini imezima, lakini kadi inaendelea kupewa umeme kidogo na inasikiliza. Inasubiri kitu inachokitambua. Kitu hicho kinaweza kuwa cha aina mbili, na tofauti ya hizo mbili ndiyo iliyotupiga chenga.

Aina ya kwanza ni pakiti maalumu ya kuamsha, ile inayoitwa Magic Packet. Muundo wake ni mwepesi mno: baiti 6 zenye thamani FF, kisha anwani ya MAC ya mashine husika imerudiwa mara 16. Anwani ina baiti 6, kwa hiyo jumla ni baiti 102. Kadi ikiona mfuatano huo wenye anwani yake, inaamsha mashine. Aina ya pili inaitwa Wake on Pattern Match. Hapa Windows, kabla ya kulala, inaiachia kadi orodha ya mifumo ya pakiti za kawaida ambazo nazo zinatosha kuamsha. Mojawapo ni pakiti ya kwanza ya kuomba muunganisho wa TCP. Maana yake, mtu yeyote akijaribu tu kuunganisha kwenye anwani ya IP ya mashine iliyolala, kwa mfano kufungua folda yake ya pamoja, mashine inaamka.

Sasa kumbuka saa nane. Idara yetu ilikuwa imefunga programu ya kuhesabu vifaa, ambayo kila usiku saa nane inapita kwenye mtandao mzima ikibisha hodi kila anwani, mlango baada ya mlango. Ilipobisha mlango 445, ule wa kushirikisha mafaili, kadi ziliitika na mashine zikaamka zote. Kwa kuwa hakukuwa na mtu aliyegusa kitu, Windows ilingoja dakika chache tu ikazirudisha kulala. Ndicho alichokiona mzee: feni na taa, halafu kimya.

Dawa yenyewe ni mstari mmoja. Fungua PowerShell kama msimamizi:

```
Set-NetAdapterPowerManagement -Name "Ethernet" -WakeOnMagicPacket Enabled -WakeOnPattern Disabled
```

Angalia hali kabla na baada kwa `Get-NetAdapterPowerManagement`. Na tafadhali usiitume kwenye mashine zote saa tano mchana kama nilivyofanya mimi. Amri hii huzima kadi na kuiwasha upya ili mabadiliko yashike, na watu wa uhasibu waliokuwa katikati ya kuingiza mishahara walikatika wote kwa pamoja. Nilisikia kelele kabla simu haijalia. Jambo jingine: dereva mpya ya kadi inaweza kurudisha mipangilio ya mwanzo, kwa hiyo iweke kwenye hati inayojirudia, usidhani ukishaifanya mara moja imekwisha.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine nilichelewa kuielewa, nayo ndiyo inayohusu usalama.

Tazama tena ile pakiti ya baiti 102. Hakuna nywila ndani yake, hakuna sahihi, hakuna jina la aliyetuma. Kadi haiulizi wewe ni nani. Anayejua anwani ya MAC anaweza kuamsha, na anwani ya MAC si siri: kila mashine kwenye mtandao huo inaweka orodha ya jirani zake, na ukiandika `arp -a` unaiona. Sitaki uogope pakiti yenyewe, kwa sababu haiingii ndani wala haifungui akaunti ya mtu. Kazi yake ni kuwasha taa nyumbani. Suala ni nani yuko mlangoni taa inapowaka.

Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 watafiti wa usalama walieleza namna Ryuk, programu ya kufunga mafaili na kudai fidia, ilivyokuwa ikiitumia pakiti hii. Ilisoma orodha ile ile ya ARP ya mashine iliyokwisha kuambukizwa, ikachagua anwani za mitandao ya ndani, ikazipelekea pakiti za kuamsha, kisha ikajaribu kufungua C$, yaani diski nzima ya mashine iliyoamka, kwa njia ya ushirikishaji wa wasimamizi. Ikifanikiwa, inafunga mafaili yaliyomo. Zamani tulikuwa tunajifariji kwamba mashine iliyozimwa usiku imesalimika. Penye Wake on LAN, faraja hiyo haipo.

Ndiyo maana nikiwasha Wake on LAN ofisini, jambo la pili ninalolifanya ni kufunga mlango 445 kati ya kompyuta ya mezani na kompyuta ya mezani. Karani hana sababu ya kufungua diski ya karani mwenzake. Wote wanakwenda kwenye seva. Kama kompyuta zako ziko kwenye mtandao wa 10.20.0.0/24 na seva ziko kwingine, kanuni hii inatosha:

```
New-NetFirewallRule -DisplayName "Zuia 445 toka desktop" -Direction Inbound -Protocol TCP -LocalPort 445 -RemoteAddress 10.20.0.0/24 -Action Block
```

Kwenye fayawoli ya Windows kanuni ya kuzuia hushinda ya kuruhusu, kwa hiyo huna haja ya kufuta zilizopo. Ila zunguka kwanza ofisini uulize nani amechomeka printa kwenye kompyuta yake na kuwashirikisha jirani. Sisi tulikuwa na moja, kwa katibu muhtasi, na hakuna aliyeikumbuka mpaka barua zilipokataa kuchapika.

Kuna kosa jingine ambalo wageni hulifanya kwa nia njema. Unakaa kwenye seva, VLAN tofauti, yaani kipande kingine cha mtandao, unatuma pakiti, mashine haiamki. Unagundua kwamba pakiti hiyo kwa kawaida hutumwa kwa wote, mfano 10.20.0.255, na ruta inaitupa. Unatafuta mtandaoni, unaambiwa andika `ip directed-broadcast` kwenye ruta. Usiiandike peke yake. Ruta zimeacha kupitisha matangazo ya namna hiyo kwa makusudi: miaka ya 1990 watu waliyatumia kufanya mtandao mzima ujibu kwa pamoja na kumzamisha mtu mwingine kwa majibu, na RFC 2644 ya 1999 ikaagiza yazimwe tangu mwanzo. Inawezekana kuifungua kwa kuruhusu seva yako tu, lakini pakiti ya kuamsha haihitaji jibu, kwa hiyo anayeghushi anwani ya mtumaji hapotezi kitu. Mimi naona ni rahisi zaidi kuweka kijikompyuta kimoja kisichozimwa ndani ya VLAN ile ile ya makarani, ninaingia humo kwa SSH, na pakiti inatoka humo humo bila kuvuka ruta:

```
sudo etherwake -i eth0 AA:BB:CC:DD:EE:FF
```

Hata hivyo kijikompyuta hicho kilinde kama seva. Nimewahi kukuta kimoja kikiwa na nywila ile kilichokuja nayo dukani.

Ukitaka kuamsha mashine iliyozimwa kabisa, si iliyolala, utapambana na mengine mawili. Kuanzia Windows 8, ukibonyeza Shut down huku Fast Startup ikiwa imewashwa, mashine haizimi kikamilifu, na Windows haiiandai kadi kwa ajili ya kuamshwa. Zima Fast Startup, au waambie watu walaze mashine badala ya kuzima. La pili liko BIOS, kwenye chaguo lenye jina kama Deep Sleep au ErP, ambalo hukata umeme wa kadi ili kuokoa nishati. Hili huhitaji programu yoyote kulijua: zima mashine, nenda kwenye swichi, tazama taa ya mlango wake. Ikiwa giza, kadi haisikii, na hata utume pakiti elfu hakuna atakayeitika.

Ukiwa humo BIOS, kwenye mashine nyingi za Dell, Wake on LAN haina "ndiyo" na "hapana" pekee. Kuna "LAN Only" na kuna "LAN with PXE Boot". Hili la pili linaifanya mashine ikiamshwa ianze kutafuta mfumo wa kuwakia kwenye mtandao badala ya diski yake. Kwenye chumba cha kusimika mashine mpya linafaa sana. Kwenye meza ya karani maana yake ni kwamba mtu mwenye laputopu iliyochomekwa ukutani anaweza kuiamsha mashine ikiwa haina mtu, kisha kuipa mfumo wake yeye iwake nao. Kati ya zile mashine arobaini, tulikuta sita zimeachwa hivyo tangu siku ziliposimikwa. Tulizibadilisha moja moja kwa mkono, tukaweka nywila ya BIOS, na bahasha yenye nywila hiyo ikaenda kwenye sefu ya mhasibu.