Hodhi la akriliki, la bati la enameli au la chuma cha kusubu: lipi linatunza joto kweli?

"Wakuu, natengeneza bafu upya na nimekwama kwenye hodhi la kuogea. Kuna la akriliki, la bati la chuma lenye enameli, na la chuma cha kusubu. Kila ninayemuuliza anasema la kusubu ndilo linalotunza joto, ila ni zito na ghali. Ni kweli? Na kelele je?"

Ndugu yangu, mahodhi ya aina zote tatu nimeishi nayo. La chuma cha kusubu tulilikuta ndani ya nyumba tulipohamia, nikaliondoa baada ya miaka kadhaa na kuweka la bati mahali pale pale, na bafu la pili nililoliongeza baadaye lina la akriliki. Kabla ya kuliondoa lile la kusubu nililipima kwa kipimajoto, kisha nikayapima na haya mengine kwa namna ile ile, kwa sababu nami nilikuwa nimeambiwa hayo hayo unayoambiwa wewe na nilitaka kujua kama fedha ile ina maana.

Nilijaza ndoo saba na nusu za lita 20, yaani lita 150, maji yakiwa na digrii 42, huku chumba na hodhi lenyewe vikiwa na digrii 20 hivi. Baada ya dakika tano maji ya hodhi la kusubu yalikuwa yameshuka hadi digrii 40 na ushei, ya hodhi la bati yalisimama kwenye 41.3, na ya akriliki yalikuwa 41.5. Kwa maneno mengine, hodhi linalosifiwa kwa kutunza joto ndilo lililoyapoza maji upesi kuliko yote, kabla hata sijaingia.

Sababu yake ni uzito wake. Kupandisha kilo moja ya maji kwa digrii moja kunahitaji kilojuli 4.2 hivi, na kilo moja ya chuma inahitaji kama 0.46 tu, lakini hodhi langu la kusubu lilikuwa na kilo zipatazo 120 za chuma baridi ambazo lazima zipashwe moto na maji yako. Ukizidisha utaona kwamba chuma hicho kilikuwa na athari sawa na kumimina lita 13 za maji ya digrii 20 ndani ya maji uliyokwisha kuyatayarisha. Hodhi la bati lenye kilo 40 linafanya jambo lile lile, ila ni sawa na kumimina lita zisizofika tano. Akriliki ni nyepesi na, zaidi ya hapo, inapitisha joto kwa shida sana, kiasi kwamba upande wa nje wa gamba hubaki vuguvugu wakati upande wa ndani umekwisha kuwa moto. Ndiyo maana ukiegemea mgongo kwenye akriliki sehemu iliyo juu ya maji hushtuki, ilhali kwenye chuma cha kusubu mabega yanakuambia mara moja kwamba hakijapata moto.

Sasa, baada ya chuma hicho kupata moto, je, hakirudishi joto? Kinarudisha, na hapo ndipo sifa yake ilipotoka. Lakini angalia kiasi chake: joto lililohifadhiwa katika kilo 120 za chuma ni karibu sehemu moja ya kumi na moja ya joto lililomo katika maji yenyewe, kwa hiyo kasi ya kupoa hupungua kwa takriban asilimia 8 na si zaidi. Nilipoyaacha maji kwa nusu saa bila kuongeza chochote, ya hodhi la kusubu yalifika 38, ya bati 38.8 na ya akriliki 39.2. La kusubu lilishuka polepole kidogo kuliko la bati, ila lilikuwa limeanzia chini na halikufidia tofauti ile. Ukiwa na desturi ya kulipasha moto hodhi kwanza, kwa kumwaga maji ya moto kidogo na kusubiri, au ukiongeza maji ya moto baada ya dakika tano ili yarudi 42, ndipo utaliona likiongoza, na hata hapo ni kwa theluthi moja ya digrii tu ndani ya nusu saa. Maji ya kupashia hodhi ni maji uliyoyalipia.

Joto jingi haliondoki kupitia kuta za hodhi. Linaondoka juu, kwenye uso wa maji, hasa kwa njia ya mvuke, na uso huo una ukubwa ule ule kwa mahodhi yote matatu. Nilikata ubao mwepesi wa povu gumu, nikaufanya ufunike nusu ya uso wa maji upande wa miguuni, na jambo hilo dogo lilisaidia kuliko kubadilisha hodhi. Njia ya pili ya kupoteza joto ni upande wa chini na pembeni, ambako hewa baridi hupita kati ya hodhi na sakafu. Hapo chuma cha bati na cha kusubu havina tofauti kubwa, kwa kuwa vyote viwili hupitisha joto kwa urahisi, na kinachozuia ni hewa iliyogusana navyo kwa nje. Akriliki huzuia zaidi kidogo, lakini unene wa milimita tano hauwezi kuwa blanketi. Blanketi utaliweka mwenyewe, nami nitaeleza namna yake baada ya kelele, kwa sababu kazi hizo mbili hufanywa kwa pamoja.

Kelele ndiyo kasoro ya kweli ya hodhi la bati. Bati lake huwa na unene wa kati ya milimita moja na nusu na tatu na nusu, na maji yakianguka kutoka bombani linavuma kama ngoma. Usiku wa kwanza baada ya kulifunga, mke wangu aliniuliza kutoka chumba cha pili kama kuna kitu kimeanguka. Dukani ligonge kwa kifundo cha kidole katikati ya kitako: bati jembamba hulia kwa muda, nene hulia kwa kifupi na sauti ya chini. Akriliki haivumi, ila hulalamika. Unapogeuka ndani yake unasikia mkwaruzo wa fremu au wa ubao ulio chini ya kitako, na dawa yake ni kukaza nati za miguu na kuweka vipande vya mpira pale fremu inapogusa gamba. La kusubu halina la kusema, maji yanaanguka kimya kabisa, na katika hili sifa yake ni ya haki.

Hodhi la bati nililituliza kwa vipande vya lami vya kubandika, vile vinavyotumika ndani ya milango ya magari. Si lazima ulifunike lote. Mtetemo ni mkubwa katikati ya kila uso mpana, kwa hiyo nilibandika kwenye kitako na katikati ya mbavu mbili ndefu, jumla kama theluthi moja ya eneo, baada ya kuondoa mafuta na vumbi kwa spiriti, kwa maana kipande kilichobandikwa juu ya vumbi kitadondoka baada ya miezi michache. Juu ya lami nikazungushia sufi ya kuhami joto, nikaifunga kwa mkanda, nikaacha wazi sehemu ya mfereji wa kutolea maji ili fundi bomba aweze kuufikia siku ikihitajika. Tangu hapo ukiligonga linasema "tup" kama gunia, na kipimajoto kinaonyesha kwamba baada ya nusu saa maji yako juu zaidi ya pale yalipokuwa yakifika kwenye lile la kusubu, ambalo chini yake lilikuwa tupu.

Ukichagua akriliki na kutaka kuipulizia povu linaloumuka, jaza maji kwanza na upulize kidogo kidogo. Povu likivimba chini ya gamba tupu huweza kulisukuma juu, na hodhi ambalo kitako chake kimeinuka halimalizi maji.

Jambo hilo la kujaza maji lina sehemu nyingine ambayo iliniumiza. Fundi aliyenifungia akriliki alipaka silikoni kati ya ukingo wa hodhi na vigae likiwa tupu. Nilipoliingia kwa mara ya kwanza, gamba lilishuka kidogo kwa uzito wa maji na wangu, silikoni ikavutika, na baada ya wiki chache ikachanika kwenye ukingo mrefu. Maji yalipenya humo kwa siri, nikagundua pale kigae kimoja cha sakafuni kilipoanza kucheza. Silikoni ya akriliki hupakwa hodhi likiwa limejaa maji, nayo huachwa hivyo hivyo hadi ikauke, ili baadaye mshono ubanwe hodhi likiwa tupu badala ya kuvutwa likijaa. Bati na chuma cha kusubu hazipindi kiasi cha kuleta shida hiyo.

Kuhusu uzito, watu hukisia vibaya. Hodhi la kusubu la kilo 120, lita 150 za maji na mtu wa kilo 75 ni kilo 345. La akriliki la kilo 25 kwa hesabu hiyo hiyo ni kilo 250. Sakafu ya zege haitajali tofauti hiyo. Sakafu ya mbao itajali zaidi namna mzigo unavyotua, kwa kuwa miguu minne ya hodhi la kusubu hubeba kilo zaidi ya 80 kila mmoja juu ya eneo la kiganja cha mtoto, kwa hivyo weka mbao imara chini ya miguu zinazovuka maboriti kadhaa, na kama huna hakika na maboriti hayo mwite mtu wa ujenzi ayaone kabla hujanunua. Mzigo wenyewe wa kutisha ni ngazi. La kusubu tulilitoa watu wanne, na kona moja ya ngazi ilitushinda hadi tukalivunja kwa nyundo kubwa, tukiwa tumelifunika blanketi kwa sababu vipande vya enameli vinaruka kama vioo. La bati tulilipandisha wawili, la akriliki nililibeba na kijana wangu bila kupumzika.

Bei ya la kusubu kwa kawaida ni mara kadhaa ya hayo mengine, bila kuhesabu wabebaji. Bati na akriliki ya kawaida hukaribiana, na hapo chunguza akriliki kwa makini: tazama ukingo uliokatwa kwenye tundu la kutolea maji. Ukiona utando mwembamba wa akriliki juu ya plastiki ya rangi nyingine, hiyo ni nafuu kwa sababu yake, na ikikwaruzika sana hutaweza kuisugua kwa msasa laini na kuing'arisha kama akriliki kamili. Enameli haikwaruziki ovyo, ila kitu kizito kikiiangukia hubanduka, na bati lililo wazi hushika kutu, kwa hiyo pakaushe na upapake rangi ya kuzibia siku hiyo hiyo.

Kama ngazi zako ni nyembamba na unaoga kwa dakika 20 au 30, mimi ningenunua bati lenye unene wa milimita tatu au zaidi, nikabandika lami na sufi kabla ya kulisogeza ukutani. Kazi hiyo haiwezekani tena likishazungushiwa vigae.