Bia mbili za usingizi

*Mke wangu alifariki. Tangu tuanue tanga nakunywa bia mbili saa 3 usiku ili nilale. Nalala, lakini saa 9 naamka moyo unadunda. Niongeze ya tatu? (Mfiwa, Isevya, Tabora)*

Pole sana, mzee wangu. Ya tatu itasogeza tu saa ya kuamka. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe, na mwili huondoa kama gramu 7 au 8 kwa saa. Mbili za saa 3 zinaisha mwilini saa 8 au 9, na ubongo uliokuwa umelazwa kwa nguvu unaamka kwa kishindo. Majonzi ni ya mkeo, ila mdundo ule ni wa bia.

Tatizo lako ni saa 3 yenyewe. Wakati wa msiba nyumba ilijaa watu, na sasa kila mtu kwake. Mwombe shemeji au mwanao apige simu saa 2 na nusu kila siku, mumzungumze marehemu kwa jina lake, na ukilia, lia. Wiki ya kwanza kunywa bia moja, saa 12 jioni pamoja na chakula, kisha iache. Usingizi utakuwa mbovu kwa siku kadhaa, nao utarudi. Ukiamka saa 9, usigaragare kitandani. Kaa sebuleni mpaka usingizi ukujie. Vidonge vya usingizi usivichanganye na pombe kamwe. Na ukianza kutamani kumfuata, nenda hospitali siku hiyohiyo.

*Nanywa gongo kila siku tangu nimzike mwanangu. Asubuhi mikono hutetemeka mpaka nipige kidogo. Jumatatu naacha kabisa. (Mama, Nzega)*

Dada, nakuomba usiache ghafla ukiwa peke yako. Mikono hiyo inasema mwili umeshazoea. Ukikata mara moja, degedege huweza kukupata ndani ya siku 2 za mwanzo, na siku ya 2 au ya 3 wengine huanza kuona watu wasiokuwepo. Hali hiyo huua. Nenda hospitali kabla ya Jumatatu ukiwa na ndugu, useme unakunywa kiasi gani bila kupunguza (tunajua watu hupunguza). Huko kuna dawa za kutuliza mwili zinazopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Habari za mwanao tutazungumza mikono ikishatulia. Kwa sasa hata kuomboleza vizuri huwezi.

*Nimehamishiwa Sikonge, simjui mtu. Jioni naishia baa, si kwa kiu. (Mwalimu)*

Basi agiza soda, mwalimu. Au uliza vijana wanacheza mpira wapi saa 11. Baa itakuwepo, lakini utafika ukiwa umeshaongea na watu.