Taarifa ya huduma mpya: andika barafu, kisha tafuta wa kupokea simu

Taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari niliyowaandikia wauza barafu wa hapa Mwanza ilikuwa na kichwa hiki: "Kampuni Yazindua Huduma ya Kipekee kwa Wadau wa Uvuvi". Hakuna redio iliyoisoma. Nilipoirudia jioni niliona kosa langu: neno barafu lilikuwa aya ya tatu.

Tuliiandika upya. Kichwa kikawa: "Wavuvi wa Kayenze kupelekewa barafu mwaloni kila alfajiri". Mhariri anaweza kukisoma hewani kilivyo, na mvuvi akajua kinamhusu. Jina la kampuni lilishuka kwenye sentensi ya kwanza, iliyoanza hivi: "MWANZA, Ijumaa, 28 Februari 2025. Kuanzia Jumatatu, 3 Machi, lori la barafu litafika mwalo wa Kayenze saa 11 alfajiri." Usiandike "kesho" wala "wiki ijayo". Taarifa ikikaa mezani siku mbili, maneno hayo yanageuka uongo.

Tulibishana zaidi kuhusu bei. Mwenye kampuni alitaka tuandike "bei nafuu" ili washindani wasijue. Nilimwambia mvuvi hawezi kupiga hesabu kwa neno nafuu. Kwa joto letu, sangara wa kilo moja huhitaji karibu kilo moja ya barafu, kwa hiyo mwenye kilo 200 za samaki anataka kujua kilo 200 za barafu zitamgharimu kiasi gani. Tuliweka shilingi 300 kwa kilo, usafiri ukiwa ndani yake. Tukaweka na mpaka wa huduma: lori linabeba tani 3, na oda zinafungwa saa 2 usiku. Ukificha mpaka huo, Jumatatu alfajiri utaukuta mwaloni umegeuka ugomvi.

Maneno ya mwenye kampuni yalibaki sentensi mbili tu, akieleza kwa nini walichagua Kayenze kwanza. "Tunayo furaha kubwa" niliifuta, kwa kuwa mhariri angeifuta pia.

Mwisho wa ukurasa ndiko nilikoumia mara ya kwanza. Mtu wa mawasiliano alikuwa mkurugenzi mwenyewe. Mtangazaji mmoja alimpigia, naye alikuwa kwenye kivuko, mtandao hakuna. Taarifa ya habari ikapita. Safari hii tulimweka dada wa mauzo: jina kamili, cheo, namba yenye WhatsApp, na saa anazopatikana. Kabla ya kutuma nilikaa naye nikamuuliza maswali kama mwandishi mkorofi: lori likiharibika je? Maji ya kutengenezea barafu yanatoka wapi? Asilolijua alilipeleka kwa fundi, akarudi na jibu.

Tulituma saa 3 asubuhi, maandishi yakiwa ndani ya barua pepe yenyewe, picha ya lori pembeni. Saa 4 na robo simu ya dada wa mauzo ililia. Mwandishi aliuliza kama mvuvi mwenye mtumbwi mdogo anaweza kununua kilo 20 tu. Dada akajibu papo hapo: anaweza, kuanzia kilo 10.