Siki ya 4%, siki ya 5% na ile yenye mashapo: ipi iingie kwenye achari?

Swali: Kamwene mtaalamu. Natengeneza achari ya karoti, pilipili na kitunguu saumu hapa Makambako, nauza kwenye vichupa. Kipimo changu ni siki nusu, maji nusu. Nina chupa tatu mezani. Ya kwanza nyeupe, imeandikwa 4%, viungo ni maji na E260. Ya pili nayo nyeupe, imeandikwa siki ya spiriti, 5%. Ya tatu ni ya matofaa, jirani huileta kutoka Makete, haijachujwa, haina asilimia, chini ina mashapo na juu kitu kama utando. Ipi ni siki halisi? Ipi niweke kwenye achari? Na yale mashapo ni uchafu?

Jibu: Kamwene dada. Kwa achari ya kuuza, shika ile ya spiriti ya 5%. Ile ya 4% inaweza kutumika, ila kipimo chako cha nusu kwa nusu kitabadilika. Ya Makete ni siki, na mashapo yake si uchafu, lakini isiingie kwenye kichupa cha kukaa dukani kabla haijapimwa.

Nianze na ile asilimia, maana ndiyo inayoilinda achari yako. 5% maana yake ni kwamba kila mililita 100 za siki zina gramu 5 za asidi ya asetiki, ile inayokupa ukali na harufu ya siki. 4% ni gramu 4. Tofauti ya gramu moja inaonekana ndogo mpaka uanze kuongeza maji. Lita moja ya siki ya 5% ukiichanganya na lita moja ya maji, unapata lita mbili za 2.5%. Ukifanya hivyo kwa siki ya 4%, unapata 2% tu. Kisha karoti zinaingia, nazo karibu zote ni maji. Kilo moja ya mboga ndani ya lita moja ya mchanganyiko huo, baada ya siku chache asidi ikishasambaa, itakuacha na kama 1.3% ukitumia siki ya 5%, na 1% ukitumia ya 4%. Umepoteza sehemu moja ya tano ya ulinzi, na kwa macho huoni kitu.

Ukitaka kuitumia ile ya 4% na kupata nguvu ileile, piga hesabu kwa gramu. Lita mbili za 2.5% zinahitaji gramu 50 za asidi. Siki yako ina gramu 40 kwa lita, kwa hiyo unahitaji lita moja na robo ya siki, na maji robo tatu ya lita. Ndiyo kusema, mililita 1,250 za siki kwa 750 za maji. Kabla ya kununua kwa bei, linganisha hilo pia: chupa ya bei nafuu ya 4% inaisha haraka zaidi.

Ninasisitiza hili kwa sababu ya kitunguu saumu, karoti na pilipili. Hivi vyote havina asidi ya kutosha vyenyewe, vimeota ndani ya udongo au karibu nao, na ndani ya kichupa kilichofungwa hakuna hewa. Hayo ndiyo mazingira anayoyapenda bakteria wa botulini, ambaye sumu yake huua. Mbegu zake hazifi kwa kuchemsha. Hazifi hata kwa maji yanayochemka Dar es Salaam, sembuse huku kwetu, ambako kwenye mwinuko wa mita 1,700 kama Mbeya mjini maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachomzuia asiote ni asidi: pH, yaani kipimo kinachoshuka asidi ikizidi, iwe chini ya 4.6 kwenye achari yote, mboga pamoja na maji yake. Mimi huwaambia wanaouza walenge 4.2 au pungufu, ili kosa dogo la mizani lisiwapeleke kwenye hatari.

Sasa kuna mtego hapa. Wengi hununua karatasi za kupima pH, wanachovya kwenye siki, wanaona rangi ya 2 na kitu, wanaridhika. Karatasi hiyo haiwezi kukuambia asilimia. Siki ya 5% ina pH ya 2.4 hivi, na ukiipunguza kwa maji hadi nusu inasogea mpaka 2.6 tu. Rangi ya karatasi ni ileile wakati nusu ya asidi imeondoka. pH ipime kwenye achari iliyokamilika, baada ya siku kadhaa, ukiwa umesaga mboga na maji yake pamoja, na kwa mashine ya pH. Asilimia ya siki hupimwa kwa njia nyingine, nitafika huko.

Kuhusu uhalisi. Siki ya kuchachusha hupita hatua mbili. Kwanza hamira hula sukari na kutoa kilevi, halafu bakteria wa siki, wakipata hewa, hugeuza kilevi kuwa asidi. Anayekunywa ulanzi anaijua hatua hii ya pili bila kuambiwa: ulanzi uliokaa wazi siku nyingi unachachuka mpaka haunyweki. Siki ya viwandani isiyochachushwa ni asidi ya asetiki iliyotengenezwa kwa kemikali, kwa kawaida kutoka methanoli, kisha ikazimuliwa kwa maji.

Watu wengi hudhani iliyo nyeupe na angavu ndiyo ya kemikali, na ya kahawia ndiyo ya asili. Chupa zako zinaonyesha kinyume. Siki ya spiriti ni nyeupe kama maji, lakini imechachushwa, kwa sababu bakteria walilishwa kilevi kilichotoneshwa, mara nyingi cha molasi ya miwa, nacho hakina rangi. Na siki ya kemikali inaweza kuwa ya kahawia, ikitiwa rangi ya sukari iliyounguzwa, ambayo kwenye lebo ni E150. Kwa hiyo acha rangi, soma mstari wa viungo. Chupa yako ya kwanza imeandikwa maji na E260. Namba hiyo ni ya asidi ya asetiki kama kiungo cha kuongezwa, na mahali hapo, peke yake na maji, inakuambia kwamba hapakuchachushwa kitu. Iliyochachushwa hutaja ilikotoka: matofaa, miwa, nafaka, zabibu au spiriti.

Je, ya kemikali ni mbaya? Kwa kazi ya kuhifadhi, hapana. Molekuli ya asidi ni ileile, na 5% yake huzuia bakteria sawasawa na 5% ya kuchachusha, mradi asidi iliyotumika ni ya daraja la chakula. Inachokosa ni ladha. Ukali wake unachoma puani kisha basi. Ninachokikataa ni kuuziwa moja kwa jina la nyingine, na zaidi ya hapo, kuzimuliwa kwa kukadiria. Asidi kali kabla ya kuzimuliwa ni karibu 100%, inaunguza ngozi na koo. Chupa isiyo na asilimia, mtengenezaji wala alama ya TBS, inayonuka mpaka machozi yanatoka, usiionje.

Tuje kwenye chupa ya Makete. Mashapo ya chini ni hamira iliyokufa, vipande laini vya tofaa na bakteria. Utando wa juu, unaoteleza kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, huitwa mama wa siki: ni nyuzi za selulosi zinazofumwa na bakteria wenyewe. Havina madhara. Ukivichuja kwa kitambaa safi, siki inabaki siki. Cha kukutia shaka ni kingine: manyoya ya kuvu yenye rangi ya kijani, nyeusi au nyeupe kavu, harufu ya kuoza, au kifuniko kinachovimba na kutoa gesi. Siki yenye asidi ya kutosha haioti kuvu kirahisi, hivyo kuvu ikionekana, asidi ni hafifu. Mwaga.

Lakini mama wa siki anakuambia jambo jingine pia: bakteria wako hai na bado wanafanya kazi. Wanapenda joto la nyuzi 25 hadi 30, na Makete ya Juni na Julai iko mbali na hapo. Wakati wa baridi siki inakwenda polepole, na mtengenezaji mwenye haraka huiweka kwenye chupa kabla kilevi hakijaisha. Iliyotengenezwa kwa maganda ya matofaa, maji na sukari kidogo huishia hafifu hata kukiwa na joto, kwa sababu sukari ndiyo mtaji. Juisi yenye sukari 10% hutoa siki ya 5% hivi mambo yakienda vizuri, si zaidi. Na kilevi kikiisha huku hewa ikiendelea kuingia, bakteria haohao huanza kuila asidi yenyewe. Chupa iliyo nusu na kufunguliwa kila siku inaweza kupoteza nguvu iliyokuwa nayo ilipojazwa.

Kuipima si kazi kubwa. Ni ile taitresheni ya kemia ya kidato cha nne, mwalimu wa shule jirani anaweza kukusaidia. Chuja siki, pima mililita 10, ongeza maji yaliyotoneshwa mpaka 100. Chota mililita 10 za mchanganyiko huo, tia matone mawili ya fenolfthalini, kisha dondoshea sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M kutoka kwenye bureti mpaka rangi ya waridi hafifu ibaki. Zidisha mililita zilizotumika kwa 0.6, umepata asilimia. Siki ya 5% itatumia 8.3 hivi. Moja ya matofaa niliyoletewa msimu wa baridi ilitumia 5.5, yaani 3.3%. Aliyeileta alikuwa ameitumia nusu kwa nusu kwenye pilipili, na maji ya vichupa yalikuwa yameanza kuwa mazito na kububujika.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya mwisho ya kutopendelea siki isiyochujwa kwenye achari ya kuuza, hata ikipimwa ikafika 5%. Maji ya achari yakichafuka, hiyo ni dalili ya kwanza ya kuharibika, na mashapo ya siki yatakufichia dalili hiyo. Ukiona kitunguu saumu kimegeuka bluu au kijani ndani ya maji angavu, usishtuke, ni asidi imekutana na viungo vyake. Siki ya jirani iweke kwenye kachumbari inayoliwa siku hiyohiyo, hapo ladha yake ya tofaa inaonekana.