Amplifaya ya wati 1 haitoi wati 1 kwenye OFDM, tatizo nini?

Swali: Fundi habari. Nimejenga modemu yangu ya OFDM kwa SDR, IFFT ya 64, sabkeria 52 zinatumika, 64QAM. Amplifaya ni ya 30 dBm, nimeipima kwa toni moja na kweli inafika hapo. Lakini nikituma OFDM kwa 27 dBm tu, spektra inaota mabega pembeni na risiva inakosea ovyo. QPSK inapita. Amplifaya mbovu? Nimesikia kuna kukata vilele na kuna kutenga toni, nianze na ipi?

Jibu: Salama ndugu. Amplifaya yako nzima kabisa, shida ni kwamba umeipima kwa mzigo usiofanana na ule unaoibebesha. Toni moja ina bahasha tambarare, pawa yake ya wastani na ya kilele ni kitu kimoja, kwa hiyo ukisoma 30 dBm ujue hakuna nukta yoyote iliyovuka 30. OFDM sio hivyo. Pale unajumlisha sabkeria 52, kila moja na fezi yake kutokana na data, mara nyingi zinavutana huku na huku zinapunguzana, ila mara mojamoja nyingi zinaangukia upande mmoja kwa wakati mmoja na hapo kilele kinaruka. Uwiano wa hicho kilele na wastani ndo PAPR:

`PAPR = max|x|² / mean|x|²`

Vitabu vitakutisha kwamba ikitokea zote 52 zimelingana utapata 10·log10(52), yani dB 17 na kidogo. Achana na hiyo namba, kwa QPSK ya data ya kubahatisha unaweza kutuma tangu ulimwengu uanze na usiione. Cha kuangalia ni vilele vinatokea mara ngapi. Ukijumlisha vitu vingi visivyotegemeana jumla inakuwa ya Gauss, na uwezekano wa sampuli moja kuvuka kiwango γ juu ya wastani (γ sio ya dB hapa, ni ya uwiano) unakaribia `e^(-γ)`. Chukua hali yako: amplifaya 30, wastani 27, umebaki na nafasi ya dB 3 tu, γ ni 2, na `e^(-2)` ni 0.135. Yani sampuli 13 au 14 katika kila 100 zinagonga dari! Mabega unayoyaona yanatoka hapo.

Tusogee hadi dB 10, γ ni 10, sampuli moja kati ya kama 22,000 ndo inavuka. Inaonekana ndogo, lakini kila simboli ina nafasi nyingi za kuvuka, na ukihesabu pia vilele vinavyojificha katikati ya sampuli inakuja karibu simboli 1 kati ya 150. Ikiwa simboli zako ni za mikrosekunde 4, hiyo ni mara 1,600 na ushei kila sekunde. Kwa hiyo dB 10 sio kitu cha nadra.

Tahadhari moja kabla sijasahau: haya yote ni PAPR ya bahasha, ile ya baseband. Ukipima wimbi la redio lenyewe kwa oskiloskopu utapata dB 3 zaidi kwa sababu hata sain tupu ina kilele mara mbili ya wastani wake. Watu wanabishana usiku kucha kumbe kila mmoja anapima kitu chake.

Sasa kwa nini amplifaya inaumia. Ikikaribia dari haiongezi tena sawasawa, inabana, na ule mbano ni kama kuweka neno la mchemraba kwenye ishara, `x·|x|²`. Neno hilo linachanganya sabkeria tatu tatu na kuzaa toni mpya, nyingine zinadondoka nje ya bendi (upana unakuwa kama mara 3 wa ishara yako, hayo ndo mabega), nyingine zinadondoka ndani juu ya sabkeria zako mwenyewe na kuwa kelele. Ya nje inamkera jirani, ya ndani inakukera wewe. QPSK inavumilia kwa sababu nukta zake ziko mbalimbali, 64QAM haivumilii. Kwenye Wi-Fi ya 802.11a, 64QAM ya kodi ya 3/4 inadai kosa la nukta, ile EVM, liwe -25 dB au chini zaidi, wakati QPSK ya kodi ya 1/2 inaridhika na -10. Tofauti ya hizo namba mbili ndo sababu mode moja inapita na nyingine inakwama kwenye redio ileile.

Dawa ya kwanza kila mtu anaijua, shusha pawa. Ukiweka wastani 20 dBm una nafasi ya dB 10 na mambo yanatulia, ila sasa wati 1 uliyoilipia inakupa miliwati 100. Na umeme? Amplifaya ya klasi A inavuta umeme uleule iwe inapiga kelele au imenyamaza, kinadharia asilimia 50 kileleni na 5 tu ukirudi nyuma dB 10, zinazobaki ni joto. Klasi B inashuka taratibu zaidi, kutoka asilimia 78.5 hadi kama 25. Simu za LTE kwa njia ya kupandisha hazitumii OFDM ya kawaida, zinatumia SC-FDMA ambayo vilele vyake ni vidogo, sababu kubwa ikiwa ni hiyohiyo, betri na amplifaya ya mkononi.

Kwa hiyo anza na kukata vilele. Unaweka kizingiti A, sampuli yoyote inayozidi unairudisha kwenye A bila kugusa fezi yake. Swali la watu ni "nikate kwa kiasi gani", na hili lina jibu la hesabu. Kwa ishara ya Gauss yenye wastani wa pawa 1, kelele ya kukata ni

`e^(-A²) - A·√π·erfc(A)`

Kizingiti cha dB 6 juu ya wastani kinagusa kama sampuli 2 kati ya 100 na kelele inakuja karibu -27.5 dB. Kizingiti cha dB 4, kelele karibu -19.6 dB. Umeona? Dhidi ya ile -25, dB 6 inakupitisha 64QAM kwa nafasi ndogo, dB 4 inakuua hapohapo ila QPSK bado anacheka. Kwa hiyo kizingiti kinachaguliwa na modulesheni yako, mtu akikupa namba moja ya wote mwache.

Kukata peke yake hakutoshi maana nako kunazaa mabega, wewe mwenyewe ndo umekuwa amplifaya mbovu ila kwa namba. Kwa hiyo unakata, unarudi kwenye frikwensi kwa FFT, unafuta kilichomwagikia sabkeria tupu, unarudi tena. Tatizo ukichuja vilele vinaota upya kidogo, ndo maana unarudia raundi 3 au 4:

```python
import numpy as np

def kata(X, A, raundi=3, N=64, L=4):
    # X kwa mpangilio wa fft, sabkeria tupu = 0
    h = N // 2
    hai = X != 0
    Y = X.astype(complex)
    for _ in range(raundi):
        Z = np.zeros(N * L, complex)
        Z[:h], Z[-h:] = Y[:h], Y[h:]
        z = np.fft.ifft(Z)
        z *= np.minimum(1, A / np.maximum(abs(z), 1e-12))
        Z = np.fft.fft(z)
        Y = np.concatenate([Z[:h], Z[-h:]]) * hai
    return Y
```

Vitu viwili humo usivibadilishe kwa kuona havina maana. Ile L=4, kuongeza sampuli mara 4, niliwahi kuiacha nikijiona mjanja, simulesheni ikatoka safi kabisa na vilele vyote chini ya kizingiti, kupita DAC na filta yake vilele vikarudi vyote kutoka katikati ya sampuli ambako sikuwa naangalia. Na A iwe moja tu, ipige kutoka wastani wa muda mrefu, (kwa sabkeria 52 za pawa 1 hapo juu wastani wa mizizi ni `np.sqrt(52)/256`, zidisha na `10**(6/20)`), ukiipiga upya kwa kila simboli kizingiti kinayumba na simboli zenye nguvu hazikatwi ipasavyo.

Kwa mfumo wako ningeweka dB 6, raundi 3, halafu wastani 23 dBm. Nafasi ni dB 7, dB 6 za kizingiti na moja ya vile vilele vinavyoota upya. Kutoka 20 hadi 23 ni pawa mara mbili bila kununua kifaa. Ila hakikisha unapima EVM baada ya amplifaya, maana kelele ya kukata na ya mbano zinajumlishana na nafasi uliyonayo ni dB mbili na nusu tu.

Kutenga toni ni hadithi nyingine. Hapa unazinyima data sabkeria chache, tuseme 4 kati ya 52, na unazitumia kuzalisha ishara ya kupinga kilele. Unaweka 1 kwenye hizo toni zilizotengwa, unapiga IFFT, unapata umbo lenye mdomo mmoja mrefu na mikia. Ukiona kilele kwenye nafasi fulani, unalizungusha umbo mpaka mdomo ukae hapo, unalipa ukubwa na fezi ya ile ziada, unalitoa, unatafuta kilele kinachofuata. Utamu wake ni kwamba sabkeria za data hazijaguswa hata kidogo, EVM haiongezeki, risiva inazipuuza tu zile 4.

Gharama ipo. Umepoteza karibu asilimia 8 ya data, toni zilizotengwa zinakula pawa, na kwa toni 4 mikia ni mikubwa kiasi kwamba unazima kilele hapa unawasha kingine kule. Usizipange kwa nafasi sawa pia, umbo litajirudia na utapata midomo kadhaa badala ya mmoja, zitawanye bila mpangilio. Mbinu hii inapendeza sabkeria zikiwa maelfu: DVB-T2 kwenye mode ya 32K inaruhusu kutenga toni 288, ambazo ni kama asilimia 1 tu. Kwako wewe wa 52, ningeigusa pale tu utakapopanda 256QAM na EVM ikakataa kukatwa, na kwa kuwa modemu zote mbili ni zako unaweza, risiva ya Wi-Fi ya dukani ingetegemea kukuta data pale.

Mwisho, jinsi ya kujua mabega yametoka wapi. Shusha pawa ya kuingia kwenye amplifaya kwa dB 1 uangalie spektra analaiza. Mabega yakishuka kwa kama dB 2 zaidi ya ishara yenyewe, ni amplifaya inabana, endelea kushusha. Yakibaki umbali uleule chini ya ishara, yanatoka kwenye namba zako, rudi kwenye filta ya baada ya kukata.