Mgeni akiuliza "mbona chumba kimoja kina bei mbili?" mjibu hivi

Kama unapangisha chumba au apatimenti kupitia platifomu za buking hili swali unalijua, linakuja karibu kila wiki na mara nyingi linakuja usiku: "Habari, naona bei mbili za chumba kilekile, tofauti yake nini?" Kwenye skrini yake anaona moja imeandikwa Non-refundable ingine Flexible, picha zilezile, kitanda kilekile, na ya kwanza iko chini kidogo. Wengine wanadhani ya bei ndogo ni chumba kibaya, wengine wanadhani umekosea, na wale wa hatari zaidi hawaulizi kabisa wanabonyeza tu ile ya chini halafu wiki mbili baadaye wanakuandikia wanataka hela yao.

Mimi siku hizi mesej ya kwanza naiandika vizuri kabisa kwasababu ndiyo inayosomwa tena siku ya mgogoro. Mgeni akilalamika kastoma kea wanafungua chati wanaangalia uliandika nini, kwahiyo kama uliandika "usijali tutaangalia" basi hiyo ndiyo ahadi yako, hata kama wewe ulikuwa unajibu kistaarabu tu.

Sasa kitu cha kwanza cha kumwelewesha mgeni ni kwamba chumba ni kilekile, kinachotofautiana ni nani anabeba hasara safari ikivunjika. Kwenye bei isiyorudishwa anaibeba yeye, na ndio maana anapewa diskaunti. Kwenye bei ya kughairi bure unaibeba wewe mwenye chumba, lakini mpaka tarehe fulani tu. Hiyo "mpaka tarehe fulani" ndio watu wanairuka, wanasoma Flexible wanaelewa kwamba wanaweza kukansel muda wowote hata wakiwa njiani, wakati ukweli ni kwamba dedilaini ikipita ile bei ya juu nayo inauma, inategemea sera uliyoweka, mara nyingi ni usiku wa kwanza au pesa yote.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Mgeni anataka usiku 3, anaingia Ijumaa tarehe 14 anatoka Jumatatu tarehe 17. Bei ya kughairi bure ni 100 kwa usiku, isiyorudishwa ina punguzo la asilimia 10 (hilo ndilo punguzo wengi wanaliweka) kwahiyo ni 90. Jumla 300 kwa 270. Sera yangu kwenye ile ya juu ni kughairi bure mpaka siku 2 kabla, ukichelewa unalipa usiku wa kwanza. Mesej ninayotuma ni hii:

"Habari yako, karibu sana na asante kwa kuuliza. Chumba ni kilekile na huduma ni zilezile, tofauti ni pale unapoghairi.
Bei ya 270 (usiku 3): ukishabuku hairudi, hata ukighairi siku hiyohiyo, na tarehe hazibadiliki.
Bei ya 300 (usiku 3): unaweza kughairi bila kulipa chochote mpaka Jumatano tarehe 12 saa 23:59 kwa saa za hapa nyumba ilipo. Baada ya hapo ukighairi unalipa usiku wa kwanza, yaani 100. Usipokuja bila kughairi unalipa yote.
Mimi nikishindwa kukupa chumba, pesa yako inarudi yote kwa bei yoyote utakayochagua.
Kama safari yako haijathibitika bado, mfano unasubiri viza au likizo, nakushauri uchukue ya 300."

Basi. Haina porojo wala maneno ya kisheria. Lakini kila mstari una sababu yake, na kuna mitatu nataka niielezee maana ndiyo inayoleta kesi.

Wa kwanza ni tarehe na saa. Usiandike "siku 2 kabla", andika tarehe kamili. Platifomu hazihesabu sawa, zipo zinazorudi nyuma kuanzia saa ya kuingia na zipo zinazohesabu siku nzima mpaka usiku wa manane, kwahiyo ukijihesabia mwenyewe kichwani unaweza kumpa mgeni siku moja ambayo hana. Fungua uone platifomu yenyewe imeandika nini kwa tarehe zake, nakili hiyohiyo. Na saa iandike kama ilivyo kwenye skrini, 23:59 au 18:00, ukianza kumwambia "saa sita usiku wa Jumatano" huyu ataelewa usiku wa kuamkia Jumatano yule wa kuamkia Alhamisi na wote wako sahihi. Halafu weka yale maneno "kwa saa za hapa nyumba ilipo". Mgeni aliye mbali anaweza kukansel kwake bado ni jioni kumbe huku siku imeshageuka, mfumo unamkata, na yeye anaona kabisa kwamba ameibiwa.

Wa pili ni ule wa "mimi nikishindwa kukupa chumba". Wageni wengi wanaogopa bei isiyorudishwa kwasababu wanadhani hata nyumba ikipata tatizo wao ndio wamekwisha. Sio hivyo, mwenye nyumba akighairi yeye mgeni anarudishiwa. Kuandika mstari huo kunapunguza maswali mengine kama matatu hivi, na pia kunaonyesha huna nia ya kumtega mtu.

Wa tatu ni ule ushauri wa mwisho. Kuna wenzangu wananiambia kwanini unamsukumia mgeni ile bei ambayo wewe ndio unabeba hasara, si bora achukue 270 iwe imeingia? Jamani hesabu iko hivi. Mgeni anaongeza 30 ili kuilinda 270 isipotee. Ukigawanya ile 30 kwa 300 unapata moja ya kumi, maana yake mtu ambaye katika safari kumi za namna hiyo anavunja moja, tena kabla ya dedilaini, kwake bei zote mbili ni sawa tu mwisho wa siku. Anayevunja mara chache zaidi ya hapo achukue ya chini, anayevunja zaidi achukue ya juu. Sasa mtu ambaye viza haijatoka uwezekano wake wa kutokuja sio moja ya kumi, ni mkubwa kuliko hapo, na huyo akichukua ya 270 akakwama utabaki na hela yake pamoja na rivyu yake, na rivyu ile itasomwa na kila atakayekuja. Hii hesabu simtumii mgeni, nitamchosha bure, ila ndiyo inayoniambia nimshauri nini.

Kuna kitu kingine hakimo kwenye ile mesej ila kinaulizwa sana, muda wa kulipa. Watu wanachanganya "lipa baadaye" na "ghairi bure" wanadhani ni kitu kimoja. Bei inaweza kuwa isiyorudishwa na kadi isikatwe leo, ikakatwa baadaye au ukalipia hapohapo ukifika, na bado ukighairi unadaiwa. Na kinyume chake, unaweza kuwa umeshalipa yote kwenye bei ya kughairi bure, ukighairi mapema inarudi yote. Kwahiyo mgeni akisema "lakini si bado sijalipa" mwambie kwa upole kwamba kutokukatwa hela hakumaanishi hudaiwi, kinachoamua ni bei aliyochagua wakati wa kubuku. Na akighairi kwa wakati hela ikawa inarudi, usimtajie siku, sema tu imeshaachiwa, na benki yake ndiyo itaamua lini inaonekana, kwasababu ukisema "kesho" halafu ikakaa wiki atakufuata wewe sio benki.

Halafu linakuja swali gumu: "Nikichukua ya 270 halafu nikapata dharura je?" Hapa ndipo roho ya huruma inatuponza. Unataka kuandika "tutaongea tu hamna shida". Usiandike. Mimi naandika: "Kwa bei hii pesa hairudi hata kwa dharura. Unaweza kutuma ombi la kusamehewa kupitia platifomu na nitaliangalia wakati huo, ila tafadhali usipange safari ukitegemea hilo. Ukiwa na wasiwasi chukua ya 300." Ni kweli platifomu nyingi zinakupa nafasi ya kusamehe, mimi mwenyewe nimeshasamehe, hasa pale chumba kinapopata mtu mwingine kwa tarehe zilezile maana hapo sijapoteza kitu. Lakini huo ni uamuzi wa siku hiyo, ukiuahidi leo unakuwa umeuza bei ya juu kwa hela ya bei ya chini.

Kubadilisha tarehe nako ni hivyohivyo. Mgeni wa 270 akiandika "mimi sighairi, nasogeza tu wiki moja", kwa mfumo hiyo mara nyingi ni kughairi na kubuku upya, na wiki anayoitaka inaweza kuwa na bei nyingine kabisa. Ukikubali, ni wewe umeamua. Mwandikie bei ya tarehe mpya na kwamba nyongeza ni ya kwake, akubali kwa maandishi humohumo kwenye chati, ndipo ubadilishe. Usihamie kwenye simu kwa jambo hili, mkielewana kwa mdomo hakuna wa kukusaidia baadaye.

Na yule aliyechukua ya 300 halafu siku mbili baadaye anasema sasa nina uhakika naomba nihamie ya 270? Dedilaini haijapita kwahiyo anaweza kughairi bure akabuku upya, ila mwambie kabla hajabonyeza kwamba kama una chumba kimoja tu, akikiachia kinaweza kuchukuliwa na mwingine katikati hapo, na bei anayoiona leo inaweza isiwe ile ya juzi. Aangalie kwanza kwenye apu ile bei bado ipo kwa tarehe zake. Wengi wakishasikia hivyo wanasema basi acha ibaki ilivyo.

Mgeni akishachagua, mimi natuma mstari mmoja tu wa kufunga: "Nimeona umechukua ya 300, kughairi bure ni mpaka Jumatano tarehe 12 saa 23:59, karibu sana Ijumaa." Kama amechukua ya 270 naandika "umechukua bei isiyorudishwa", maneno hayohayo bila kuyazungusha, na naituma dakika ileile buking inapoingia, kwasababu aliyebonyeza kwa bahati mbaya atashtuka hapohapo na kuniandikia, na mtu aliyekosea dakika tano zilizopita namwachia bila ubishi, chumba bado hakijamkosa mtu mwingine.