Ulimuuliza habari za kazi, baba yake keshafariki

"Shangazi, shikamoo. Baba mkwe alifariki saa saba na nusu mchana, mimi ndiye niliyekuwa kando ya kitanda. Niliongea kwanza na mama yangu na dada yangu ili nijikaze, kisha saa nane na robo nikampigia mume wangu. Sikumrukia na habari. Nilimsalimia vizuri, nikamuuliza habari za kazi, tukacheka kidogo kuhusu mtoto, halafu nikamwambia, 'Baba ametuacha.' Akauliza, 'Katuacha kaenda wapi?' Kumbe alikuwa anaendesha gari, nusura agonge. Hii ni wiki ya tatu hanisemeshi ila kwa lazima. Anasema nilimfanya mjinga. Mimi nilimwandaa kwa upole. Kosa langu liko wapi?"

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Kumuuguza mkwe mpaka pumzi ya mwisho si jambo dogo, na hilo hakuna wa kukunyang'anya. Lakini mumeo ana haki ya kuumia, na mimi niko upande wake.

Hukumwandaa. Ulikuwa unajiandaa mwenyewe. Kwa dakika 45 watu wawili wa kwenu walijua kwamba mzee amefariki, na mtoto wa marehemu hajui. Ulipompigia bado ulikuwa hujawa tayari, ndipo ukajificha nyuma ya habari za kazi na vituko vya mtoto. Sikulaumu kwa kuogopa. Nani asiyeogopa simu kama ile? Nakulaumu kwa kuuita woga wako upole.

Tazama salamu yenyewe ilivyokunasa. Kwa Kiswahili, ukimuuliza mtu habari, atajibu nzuri, na papo hapo atakurudishia: "Za huko?" Hapo huna pa kutokea, maana ulimi umezoea kusema "salama" kabla hujafikiri. Hukuniandikia ulimjibu nini, lakini najua, kwa sababu msingefika kwenye kucheka kama hukusema salama. Basi mumeo aliambiwa huko ni salama na mtu aliyetoka kuona macho ya baba yake yakifungwa. Naye akacheka. Nadhani kicheko hicho ndicho kinachomrudia usiku. Anajisikia alicheka juu ya maiti ya baba yake, na wewe ulikuwa unajua.

Mwenye habari nzito haulizi habari. Salamu yake ni fupi: anamtaja mwenzake kwa jina analomwita siku zote, anajitaja, kisha anauliza, "Uko wapi hapo ulipo?" Swali hilo ndilo linalomkalisha mtu. Wewe unajua kama kashika usukani, kama yuko juu ya ngazi, kama kazungukwa na watu. Yeye naye, kwa kuulizwa mahali kabla ya hali, moyo unaanza kujiweka sawa. Hakuna anayeulizwa "umekaa?" kwa habari ya kawaida, na kila mtu analijua hilo hata kama hajafundishwa.

Siku ile mambo yangekwenda hivi. "Baba Fulani, ni mimi. Uko wapi?" "Niko barabarani, naendesha." "Tafuta mahali usimame. Sikati simu, nakusubiri." Lazima atauliza kuna nini. Usimjibu "hakuna kitu," maana huo ni uongo na atakuja kuukumbuka. Mwambie, "Nitakuambia, simama kwanza." Unamsikiliza mpaka injini inazimika. Unamuuliza kama yuko na mtu. Halafu: "Nina habari mbaya. Ni ya baba." Umtaje mwenye habari hapo hapo, kwa sababu ukisema habari mbaya ukanyamaza, akili yake itamkimbilia mtoto, itamkimbilia mama yake, atakuwa amewazika wote kabla hujafungua mdomo tena. Nyamaza kidogo, kiasi cha kuvuta pumzi moja. Kisha useme: "Baba amefariki, saa saba na nusu. Nilikuwa naye."

Neno ni hilo, amefariki. "Ametuacha," "hayupo nasi tena," "amepumzika," ni maneno mazuri ya kusemwa matangani, watu wote wakiwa wanajua. Kwenye simu, mtu asiyejua ataliokota lile tumaini dogo lililobaki ndani ya neno na kuling'ang'ania. Mumeo hakukuuliza kaenda wapi kwa ujinga. Ulimwachia mlango wazi, akapita. Na wale wanaosema "mgonjwa kazidiwa, njoo upesi," ilhali mgonjwa kashafariki, wanamtuma mtu akimbize gari kuwahi kitu kisichowahiwa tena.

Ukishasema, nyamaza. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Ukimya wa sekunde kumi kwenye simu unatisha, tunaujaza kwa maelezo ya dawa, daktari na mochwari, na yeye hasikii hata moja. Mwache alie, apige kelele, au asiseme kitu. Mjulishe tu kwamba upo: "Nipo hapa." Atauliza mwenyewe, nawe ujibu lile aliloliuliza. La mwisho ni la usalama: asiendeshe, utaje nani anakwenda kumchukua.

Haya si ya shangazi peke yake. Mwaka 2000 daktari Walter Baile na wenzake walichapisha hatua sita za kumpa mgonjwa wa saratani habari mbaya. Ya kwanza ni mahali pa kukaa, ya pili ni kujua mtu anafahamu nini mpaka sasa, ya tatu ni kujua anataka kuambiwa kiasi gani. Habari yenyewe ni ya nne, nayo hutanguliwa na onyo kwamba kinachokuja ni kibaya. Onyo lako wewe lilikuwa kicheko.

Kwa mzee ni tofauti kidogo. "Shikamoo" haiulizi habari, kwa hiyo unaweza kuitoa na kuitikiwa bila kudanganya. Lakini mzee aliye peke yake usimpigie kabisa kama kuna njia nyingine. Mpigie aliye karibu naye, aende akae kando yake, aseme yeye kwa mdomo wake. Natumaini mama mkwe wako aliambiwa hivyo. Barua yako haimtaji hata mara moja, na hilo nalo limenikaa moyoni.

Ndoa za siku hizi simu inalia kutwa: umefika, umetuma, nani anamchukua mtoto. Mke na mume wanaongea mara ishirini kwa siku na hawajui kusikilizana sauti. Zamani mtu alijua kwa namna mwenzake alivyobisha hodi kwamba leo kuna jambo. Mumeo alikuamini kiasi kwamba sauti yako ya furaha ilimtosha, hakushuku. Ulipoitumia sauti hiyo kufunika kifo, ulimharibia kitu anachokihitaji kila unapompigia. Usishangae akiwa anasita kupokea simu yako sasa.

Leo usimpigie. Msubiri arudi, mtoto akishalala, kaa karibu naye usimame kwenye maneno haya: "Nilikuuliza habari za kazi nikijua baba amefariki. Nilikuwambia salama. Niliogopa, nisamehe." Kuhusu zile dakika 45, mwambie kabla hajakuuliza, na uwataje uliowapigia. Usiongeze "lakini nilitaka kukuandaa." Akinyamaza, nawe nyamaza, usiondoke.